Unene wa kebo hauonyeshi kasi yake

“Fundi, kebo hii ni nene na inachaji laptopu haraka. Si ndiyo Thunderbolt?” Wapiga video za harusi hapa Kigali huniuliza hivyo kila mara, diski ya nje mkononi, wakishangaa kwa nini picha zinahama polepole. Hapana. Kuchaji hakuthibitishi lolote kuhusu data.

Ndani ya kebo yenye kichwa cha USB-C, umeme una nyaya zake na data ina zake. Kebo ya kuchajia ya wati 100 au 240 lazima ihimili ampea 5, kwa hiyo shaba yake ya umeme ni nene, na kichwani kuna chipu inayoijulisha chaja uwezo huo. Data yake mara nyingi hupita kwenye jozi moja tu ya nyaya nyembamba, kwa kiwango cha USB 2.0 kilichotoka mwaka 2000: megabiti 480 kwa sekunde. Kebo nyingi zinazouzwa pamoja na chaja za laptopu ziko hivyo, hata za bei kubwa. Ukinunua kwa kupima unene kwa vidole, unanunua shaba ya umeme.

Chukua harusi ya gigabaiti 200. Kebo hiyo ya kuchajia hupitisha kama megabaiti 40 kwa sekunde, hivyo utasubiri zaidi ya saa moja na dakika 20. Diski hiyohiyo, ikiwa ni ya gigabiti 10 na imeunganishwa kwa kebo inayostahili, humaliza kwa dakika tatu au nne. Kebo ya Thunderbolt inayofika gigabiti 40 haitaiharakisha zaidi, kwa sababu diski yenyewe imefika mwisho wake.

Kuna mtego mwingine. Kebo nyingi za Thunderbolt 3 za mita 2, zenye chipu za kukuza mawimbi, hurudi kwenye megabiti 480 zikichomekwa kwenye diski ya kawaida ya USB. Ni Thunderbolt halisi, lakini kwa kazi hiyo hazifai. Thunderbolt 4 iliondoa tatizo hilo.

Sasa utambuzi. Tazama kichwa cha kebo: Thunderbolt huwa na radi yenye ncha ya mshale, mara nyingi na namba 3, 4 au 5. Radi tupu ni ya chaji. Alama huigwa, kwa hiyo pima: chomeka diski ya kasi unayoiamini, kisha kwenye Mac fungua System Information, sehemu ya USB, usome kasi. Kwenye Linux andika:

```
lsusb -t
```

Ukiona 480M, ni kebo ya chaji, au ni Thunderbolt 3 ya mita 2 ya aina niliyoitaja. 10000M inatosha kwa diski nyingi. Ili kuthibitisha Thunderbolt unahitaji kifaa cha Thunderbolt upande wa pili na tundu la Thunderbolt kwenye laptopu. Kikionekana kwenye System Information ya Mac, chini ya Thunderbolt/USB4, kebo ni yenyewe. Windows? Nakili faili la gigabaiti 10: likichukua dakika nne, rudisha kebo dukani.