Ziwa likichafuka, kwa nini halirudi kwa njia ileile

Mwaka 2001 Marten Scheffer na wenzake wanne walitoa katika jarida la Nature mapitio ya utafiti kuhusu maziwa, miamba ya matumbawe, misitu na majangwa. Walikuwa na swali hili: kwa nini mahali panapoharibika pole pole kwa miaka mingi hupinduka ghafula, halafu pakakataa kurudi hata chanzo cha uharibifu kikipunguzwa? Tumechagua mfano mmoja wa ziwa, kwa sababu huko jambo lenyewe linaonekana vizuri.

Ziwa la Veluwe liko Uholanzi. Lilitokea mwaka 1957, Waholanzi walipojenga kuta za kuzuia maji ili wapate ardhi ya kulima. Kina chake ni kama mita moja na nusu tu. Hapo mwanzo maji yalikuwa maangavu, na mimea ilifunika chini. Kisha maji machafu ya miji na mashamba yakaleta fosforasi, ambayo ni chakula cha mimea. Kwa miaka kadhaa hapakuwa na dalili kubwa. Fosforasi ilipopita takriban miligramu 0,20 katika lita moja, mwishoni mwa miaka ya 1960, mimea ya chini ikatoweka na maji yakawa mazito yenye rangi ya kijani.

Mwaka 1979 walianza kuondoa fosforasi katika maji machafu na kulisafisha ziwa kwa kuingiza maji yenye fosforasi kidogo. Fosforasi ikashuka chini ya 0,20, lakini ziwa likabaki chafu. Ilibidi ishuke hadi chini ya 0,10 hivi, na maji yakarudi kuwa maangavu katika miaka ya 1990 tu. Kwa hiyo kati ya 0,10 na 0,20 ziwa lilelile liliweza kuwa safi au chafu, kufuatana na lilikotoka.

Sababu yake ni hii. Mimea ya chini hushika tope lisitibuliwe na mawimbi, na huwaficha wadudu wadogo wa majini wanaokula mwani. Hivyo maji hubaki maangavu, mwanga hufika chini, na mimea huendelea kuota: inajitunza yenyewe. Lakini mwani ukizidi, mwanga haufiki chini, mimea inakufa, na tope linabaki wazi. Samaki wanaochimba tope kutafuta chakula wanaongezeka. Huko Veluwe walikuwa brasem, kama Waholanzi wanavyowaita. Wanalitibua tope, na watoto wao wanakula wale wadudu waliokuwa wakila mwani. Sasa uchafu nao unajitunza wenyewe.

Ni kama mtumbwi. Unaupakia gunia kwa gunia, unashuka kidogo tu, bado unaelea. Gunia moja zaidi linaupindua. Ukishapinduka, kulitoa gunia lile la mwisho hakuuinui.

Namna Veluwe ilivyorudi inathibitisha maelezo haya. Mimea iliota kwanza pembeni, penye kina kifupi ambapo mwanga ulifika. Maji juu yake yakawa safi wakati katikati ya ziwa bado yalikuwa machafu. Wavuvi wakapunguza sana brasem, kome wanaochuja maji wakarudi, na ziwa lote likafuata. Katika maziwa mengine mafupi watafiti walitoa samaki wengi kwa mara moja, maji yakasafika. Lakini pale ambapo fosforasi ilikuwa bado nyingi, uchafu ulirudi baada ya miaka michache.

Sisi tulio karibu na Kivu na Tanganyika tusichukue hesabu hizi kama zilivyo. Maziwa hayo yana kina cha mamia ya mita, na mimea haiwezi kufunika chini yake. Utaratibu huu ni wa maji mafupi.

Kuhusu matumbawe, mapitio yanataja bahari ya Karibi. Huko Jamaika wavuvi walikuwa wamemaliza karibu samaki wote wala-mwani, kama pono. Kazi ya kula mwani ikabaki kwa mnyama mmoja wa mviringo mwenye miiba mirefu, na kwa miaka mingi miamba ilionekana salama. Mwaka 1980 tufani ilivunja matumbawe. Miaka mitatu baadaye ugonjwa ukaua karibu wanyama wote wale wa miiba. Matumbawe hai yalishuka kutoka kama asilimia 52 ya miamba hadi 3, na mwani ukapanda kutoka 4 hadi 92. Mwani ukishakuwa mkubwa na mgumu, wanyama hawaupendi tena, na watoto wa matumbawe hawapati mahali pa kushika.

Hata hivyo wataalamu hawajakubaliana kuhusu miamba kama kuhusu maziwa. Ili kujua kama miamba imenaswa kweli katika hali ya pili, wala-mwani wangepaswa kurudishwa kama walivyokuwa zamani, halafu ionekane kama mwani unabaki. Uvuvi ukiendelea vilevile, labda mwani unakaa kwa sababu tu hakuna wa kuula.