Duka na zahanati vijengwe wapi? Hesabu ya miguu ya watu wa vitongoji vikubwa na vidogo

Ndugu mfugaji, kijiji kinapoitisha mkutano wa kuchagua mahali pa kujenga zahanati au duka la dawa za mifugo, kwa kawaida maneno mawili husikika. Wa kwanza husema, "Tuweke katikati ya barabara." Wa pili, ambaye pengine ameiona hesabu hii shuleni, husema, "Hapana, tuweke kwenye kitovu cha uzito, ili kitongoji kikubwa kivute zaidi." Huyu wa pili yuko karibu na ukweli kuliko wa kwanza, lakini naye anaweza kuwatembeza watu kilomita nyingi bure. Kipeperushi hiki kinaeleza kwa nini, na namna ya kupapata mahali penyewe kwa kuhesabu, au kwa ubao, mshipi na chupa za maji.

Jambo hili linawagusa wafugaji wa ukanda wetu kwa namna ya pekee. Vijiji vingi kati ya Madimba, Mahurunga na Kitaya vina vitovu vya zamani, vyenye shule, ofisi na soko, ambavyo vilikuwapo kabla ya mifugo mingi kufika. Baada ya wafugaji kuondolewa Ihefu mwaka 2006 na 2007, familia nyingi zilielekea Lindi na kusini zaidi. Aliyefika mwisho hupata mahali pa mwisho: mabomba ya maji yako huko, maboma yako huku. Kwa hiyo swali la huduma kukaa wapi, kwetu ni swali la nani anatembea.

Tuchukue mfano. Majina ni ya kutunga, hesabu ni ya kweli. Kijiji kina vitongoji vinne kwenye njia moja inayotoka kwenye mikorosho hadi bonde la mto. Mikoroshoni ni mwanzo wa njia. Mnazini ni kilomita 2 kutoka hapo, Kisimani ni kilomita 4, na Malishoni, wanakokaa wafugaji, ni kilomita 15. Kwa wiki moja watu wa Mikoroshoni huenda dukani safari 40, wa Mnazini 30, wa Kisimani 10, na wa Malishoni 20. Jumla ni safari 100.

Kwanza tujaribu katikati ya njia, yaani kilomita 7 na nusu. Mikoroshoni watatembea 40 mara 7.5, ambayo ni kilomita 300. Mnazini 165, Kisimani 35, Malishoni 150. Jumla ni kilomita 650 kwa wiki, kwenda tu bila kurudi. Hapo duka limejengwa porini, mbali na kila mtu.

Sasa kitovu cha uzito. Chukua fimbo nyepesi iwe ndiyo njia yetu, na utundike mzigo wa kila kitongoji mahali pake. Mahali ambapo fimbo itatulia juu ya kidole bila kuinama ndipo kitovu cha uzito. Kwa hesabu, zidisha safari za kila kitongoji kwa umbali wake kutoka mwanzo wa njia, jumlisha, kisha gawanya kwa safari zote. Mikoroshoni ni sifuri, Mnazini 60, Kisimani 40, Malishoni 300. Jumla 400, ukigawanya kwa 100 unapata 4. Kitovu kimeangukia Kisimani kabisa, na mkutano utafurahi kwa sababu panaonekana pana haki. Watu watatembea 160, na 60, na sifuri, na 220: jumla kilomita 440.

Lakini jaribu Mnazini. Mikoroshoni 80, Mnazini sifuri, Kisimani 20, Malishoni 260. Jumla 360. Tumeokoa kilomita 80 kila wiki za kwenda, na 80 nyingine za kurudi, kwa kusogeza duka kilomita 2 tu kutoka kwenye kitovu cha uzito.

Kwa nini fimbo imetudanganya? Kwenye fimbo, mzigo ulio mbali huinamisha kuliko mzigo uleule ulio karibu. Kila mtu aliyewahi kubeba ndoo mbili kwa mti begani anajua hilo. Kwa hiyo safari 20 za Malishoni, kwa kuwa ziko mbali, zilivuta kama mzigo mkubwa. Malishoni ingekuwa kilomita 30 badala ya 15, kitovu kingesogea hadi kilomita 7, porini tena, ingawa hakuna mtu aliyeongezeka. Miguu haihesabu hivyo. Ukisogeza duka kilomita moja kumwelekea mtu, unamwokolea kilomita moja, awe anakaa karibu au mbali.

Fuata hoja hiyo na utapata jibu bila kuzidisha chochote. Anza na duka likiwa Mikoroshoni. Ukilisogeza kilomita moja kuelekea Mnazini, safari 40 zinarefuka na 60 zinafupika. Ni faida, sogeza. Ukifika Mnazini na kutaka kuipita, sasa safari 70 ziko nyuma yako na zitarefuka, na 30 tu zitafupika. Simama hapo. Kanuni yake ni hii: anza mwisho mmoja wa njia, jumlisha safari kitongoji baada ya kitongoji, na kitongoji kinachokufikisha kwenye nusu ya safari zote ndicho mahali pa duka. Tulipata 40 Mikoroshoni, kisha 70 Mnazini. Nusu ya 100 ni 50, nayo imepitwa Mnazini. Na kama kitongoji kimoja peke yake kina zaidi ya nusu ya safari zote, usihangaike na hesabu. Jibu ni pale pale.

Vitongoji vikiwa vimetawanyika, si kwenye njia moja, kanuni hiyo ya kujumlisha haitoshi. Hapo tumia ubao. Njia hii inajulikana tangu zamani, na Mjerumani Alfred Weber alipoandika mwaka 1909 kuhusu viwanda vikae wapi, kitabu chake kilikuwa na maelezo ya chombo cha namna hii. Chora ramani ya kijiji kwenye kipande cha plaiwudi. Toboa tundu kwa keekee mahali pa kila kitongoji na ulainishe kingo zake kwa msasa. Pitisha mshipi wa kuvulia kwenye kila tundu, na ncha zote za juu zifunge pamoja kwa fundo moja. Chini ya kila tundu ning'iniza chupa ya plastiki yenye maji: kwa mfano mililita 20 kwa kila safari moja, basi safari 40 ni mililita 800 na safari 10 ni mililita 200. Chupa zote ziwe za aina moja, na ubao uinuliwe juu ya viti viwili ili hakuna chupa inayogusa chini.

Liachie fundo. Kila chupa inataka kushuka, na fundo litatulia mahali ambapo jumla ya mshipi ulio juu ya ubao, ukizingatia uzito wa chupa, ni fupi kuliko popote. Hapo ndipo jumla ya kutembea ni ndogo kabisa. Mshipi huvuta kwa uzito wa chupa peke yake, uwe mrefu au mfupi, kwa hiyo kosa la fimbo halipo. Kosa lililopo ni mkwaruzo: mshipi hukwama kwenye kingo za tundu. Ligongegonge ubao kwa kidole, kisha lisogeze fundo mbali kidogo na uliachie tena, kutoka pande tatu au nne. Likirudi karibu na mahali pale pale, jibu ni zuri. Likitulia kila mara mahali tofauti, matundu yanakwaruza. Fundo likizama ndani ya tundu la kitongoji fulani, usidhani limeharibika. Kitongoji hicho kina uzito wa kutosha, na huduma ikae hapo.

Mshipi, hata hivyo, hupita juu ya mikoko na maji kana kwamba havipo. Karibu na maingilio ya Ruvuma, sehemu mbili zinazoonana kwa macho zinaweza kutenganishwa na mkono wa bahari unaovukika maji yakipwa tu, au bonde linalofurika kati ya Desemba na Aprili. Kwa hiyo fundo likishatulia, chagua sehemu mbili au tatu za karibu nalo zenye maji, njia na ardhi inayoruhusiwa kujengwa, kisha mtume mtu atembee kutoka kila kitongoji hadi kila moja ya sehemu hizo. Aandike saa, si kilomita, na afanye hivyo wakati wa mvua. Zidisha saa hizo kwa safari na ujumlishe kama tulivyofanya juu. Jumla ndogo ndiyo inayoshinda, hata kama si pale fundo liliposimama. Vijiji vilivyo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma viulize kwanza ni wapi ujenzi unaruhusiwa.

Sasa tusemezane kuhusu namba yenyewe ya safari, maana hapo ndipo mfugaji hupotea. Anayehesabu paa za nyumba wakati wa kiangazi, vijana wakiwa na ng'ombe bondeni, ataandika Malishoni pungufu. Hesabuni safari, na kila kitongoji kihesabu za kwake. Kwa zahanati, hesabuni kliniki za wajawazito na watoto. Kwa duka, hesabuni mara mnazofuata dawa ya minyoo na ya kupe. Fanyeni hivyo mara mbili, kiangazi na masika, na mlete mkutanoni karatasi zote mbili.

Na tuseme wazi kile ambacho hesabu hii haifanyi. Inatafuta jumla ndogo, na jumla huwapendelea walio wengi. Kutoka Kisimani kwenda Mnazini, Mikoroshoni na Mnazini wameokoa kilomita 140, lakini Malishoni wameongezewa 40 na Kisimani 20. Kwa duka la dawa mimi naona hilo linavumilika, kwa sababu mtu mmoja anaweza kununulia maboma matatu, na bodaboda hubeba katoni. Kwa mama mwenye uchungu wa uzazi usiku, kilomita 13 hazipunguzwi na ukweli kwamba jirani zake wengi wako karibu. Serikali ilipoanza mpango wa afya ya msingi, MMAM, mwaka 2007, lengo lilikuwa zahanati kila kijiji, lakini kijiji kimoja kinaweza kuwa na kitongoji kilicho mbali kama hiki.

Kwa hiyo kabla ya kuchora ramani, simama mkutanoni uulize: tunapunguza jumla ya kutembea, au tunapunguza safari ya aliye mbali kuliko wote? Ukichagua la pili, jibu la mfano wetu linarudi kilomita 7 na nusu, na jumla inapanda kutoka 360 hadi 650. Wengi watakataa, na wana sababu. Hapo Malishoni waombe jambo jingine badala yake, na liandikwe kwenye muhtasari pamoja na uamuzi wa Mnazini: siku maalumu ya huduma ya mkoba kila mwezi, mhudumu aje Malishoni na chanjo za watoto na vipimo vya wajawazito, na usafiri wa dharura ujulikane ni wa nani na unalipwaje. Mtendaji akisoma muhtasari huo mkutano unaofuata, ulizeni tarehe.