Ramani ya Wilaya Isitudanganye



Katika mkutano wetu mmoja hapa Rusizi tulitundika ukutani ramani ya Mkoa wa Magharibi. Tulikuwa tumeipaka kivuli sisi wenyewe kwa penseli, ili tuone ni wapi wafanyakazi wanaumia zaidi. Tulikuwa na glovu na viatu vya mpira vichache, visivyotosha wilaya zote saba. Katika ramani ile Rubavu ilikuwa nyeusi tii na Nyabihu nyeupe. Wajumbe wakasema vifaa viende Rubavu. Ndipo mama mmoja mchuma chai aliponyosha mkono akauliza: "Huko Rubavu wanaumia zaidi, au wapo wengi zaidi?" Siku hiyo hatukuwa na jibu. Leo tunalileta.

Tuanze na hesabu ya watu. Sensa ya mwaka 2022 ilikuta watu 546,683 Rubavu, 485,529 hapa kwetu Rusizi, 434,221 Nyamasheke, 373,869 Karongi, 369,180 Rutsiro, 367,955 Ngororero na 319,047 Nyabihu. Sasa tufanye zoezi. Tarakimu za majeruhi zilizomo katika makala hii ni za kujifunzia tu, si za kweli. Tuseme kila wilaya, bila ubaguzi, imeumiza mtu 1 katika kila watu 1,000. Rubavu itakuwa na majeruhi 547, Rusizi 486, na Nyabihu 319. Ukipaka kivuli kwa kufuata idadi hizo, Rubavu itakuwa nyeusi na Nyabihu nyeupe, ingawa hatari ni ile ile kila mahali. Ramani hiyo haionyeshi hatari hata kidogo. Inarudia sensa tu.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: katika ramani ya vivuli usipake idadi, paka kiwango. Chukua majeruhi wa wilaya, gawanya kwa watu wa wilaya hiyo, kisha zidisha kwa 1,000. Tuseme sasa Nyabihu wameumia watu 480, na wilaya nyingine zimebaki vile vile. Ukitazama idadi, Nyabihu yenye 480 iko chini kidogo ya Rusizi yenye 486, wala hakuna atakayeshtuka. Lakini 480 ukigawanya kwa 319,047 unapata 1.5 kwa kila watu 1,000, na Rusizi ni 1.0. Nyabihu sasa ndiyo yenye kivuli kizito, na glovu zinajua pa kwenda.

Katika kuchora, nakili mipaka ya wilaya kwenye karatasi nyepesi inayopitisha mwanga. Andika kiwango cha kila wilaya pembeni, ukivipanga kuanzia kidogo hadi kikubwa. Gawa orodha hiyo katika mafungu matatu au manne, si zaidi, kwa sababu jicho haliwezi kutofautisha vivuli saba vya penseli. Kata pale palipo na pengo kubwa kati ya kiwango na kiwango. Ukikata pasipo pengo, wilaya mbili zinazokaribiana sana zitapata vivuli tofauti na watu watagombana bure. Tumia rangi moja, nyepesi kwa kiwango kidogo na nzito kwa kikubwa.

Jambo la pili ni kuchagua watu wa kugawanyia. Sensa inahesabu hata watoto wachanga na wazee. Kama tunatafuta hatari inayowapata wachuma chai, tugawanye kwa idadi ya wachuma chai, si kwa wakazi wote. Wilaya yenye wachuma chai wachache ukiigawanya kwa wakazi wote itaonekana salama, kumbe hao wachache wanaumia kila wiki.

Lakini hapo mtego mwingine unafunguka. Tukihesabu watu wa kazi moja tu, wilaya nyingine hubaki na watu wachache mno. Tuseme wilaya A ina wanachama wetu 40 na wilaya B ina 4,000, na wastani wa mkoa mzima ni majeruhi 10 kwa kila 1,000 kwa mwaka. Mwaka huu A ameumia mtu mmoja. Mmoja kwa 40 ni sawa na 25 kwa 1,000, basi A inakuwa nyeusi kuliko zote. Mwakani asipoumia mtu, A inakuwa sifuri, nyeupe kuliko zote. Mazingira ya kazi hayakubadilika, ni mtu mmoja tu aliyeteleza au hakuteleza. Dalili ya mtego huu ni rahisi: tazama wilaya zenye viwango vya juu kabisa na vya chini kabisa. Ukikuta zote ni zile zenye watu wachache, usiiamini ramani yako.

Dawa ya kwanza ni kujumlisha miaka mitatu au mitano, au kuunganisha wilaya jirani. Dawa ya pili ni kuivuta kila wilaya kuelekea wastani wa mkoa. Tunaongeza kwa kila wilaya watu 400 wa kufikirika, walioumia kwa kiwango cha mkoa, yaani majeruhi 4. Wilaya A inakuwa majeruhi 5 kwa watu 440, sawa na 11.4 kwa 1,000. Asipoumia mtu inakuwa 4 kwa 440, sawa na 9.1. Haiyumbi tena. Tuseme B wameumia 60 kwa 4,000, yaani 15 kwa 1,000. Ukiongeza inakuwa 64 kwa 4,400, sawa na 14.5, na imebaki juu. Wilaya yenye watu wengi ina ushahidi wake, haivutiki. Hiyo 400 ni chaguo letu, basi iandikwe chini ya ramani ili kila mtu aione.

Mtego wa mwisho ni wa jicho. Wilaya yenye eneo kubwa huvuta macho hata kama watu wake ni wachache. Nyagatare ni mojawapo ya wilaya zenye eneo kubwa zaidi Rwanda, lakini Gasabo, iliyo ndogo mara kadhaa, ndiyo iliyokuwa na watu wengi zaidi mwaka 2022, yaani 879,505. Hapa kwetu, sehemu ya Rusizi na Nyamasheke ni msitu wa Nyungwe na maji ya Ziwa Kivu. Huko hakuna wakazi wa kuhesabiwa, basi paachwe peupe. Kisha juu ya kila wilaya chora duara la kuonyesha wingi wa watu. Eneo la duara ndilo lilingane na watu, si upana wake, kwa hiyo tumia kipeuo cha pili. Rubavu ina watu mara 1.7 ya Nyabihu, na kipeuo cha pili cha 1.7 ni 1.3. Duara la Nyabihu likiwa na upana wa milimita 10, la Rubavu litakuwa 13, si 17.

Tahadhari moja ya kumalizia: wilaya hizi 30 ni za tangu mwaka 2006. Tarakimu za zamani za mkoa wa Cyangugu haziwezi kupakwa juu ya Rusizi peke yake.

Ramani yetu mpya ina kivuli cha kiwango, duara la watu, na ndani ya kila wilaya namba mbili zilizoandikwa kwa mkono: walioumia, na waliohesabiwa. Mjumbe akiuliza kama alivyouliza yule mama, jibu liko ukutani.