Soma Wasifu Kuanzia Mkiani

Wengi wetu tulifundishwa darasani kwamba Henry Morton Stanley alimkuta Livingstone Ujiji mwaka 1871. Anayetaka kumjua zaidi anaweza kufungua kamusi ya wasifu ya taifa la Uingereza, ile ya Oxford iliyoandikwa upya na kutolewa mwaka 2004. Juu atakuta jina, miaka ya kuzaliwa na kufa, na kazi. Mimi humshauri aanze chini kabisa, panapotajwa vitabu na nyaraka alizotumia mwandishi. Hapo ndipo utajua kila habari imetoka kinywani mwa nani.

Chukua utoto wa Stanley. Alizaliwa Denbigh, Wales, mwaka 1841, akabatizwa kwa jina la John Rowlands. Hilo limo katika daftari la kanisa, lililoandikwa wakati ule ule na mtu asiyejua kwamba kichanga kile kitakuja kuwa maarufu. Habari ya namna hiyo unaweza kuitegemea.

Sasa tazama alivyopata jina jipya. Stanley alisimulia kwamba alipofika New Orleans, tajiri mmoja, Henry Hope Stanley, alimfanya mwanawe, kisha akafariki mwaka 1861. Vitabu vingi vya zamani vilirudia hivyo. Lakini ukifuata chanzo cha kila kimoja, unarudi kwa Stanley mwenyewe, katika tawasifu aliyoihariri mjane wake na kuichapisha mwaka 1909. Basi vitabu kumi vilivyonakili kinywa kimoja ni shahidi mmoja tu. Watafiti walipotafuta nyaraka za Marekani, walikuta tajiri huyo aliishi hadi 1878. Mwaka mmoja wa kifo ulitosha kuitia shaka hadithi nzima.

Tarehe ya Ujiji nayo ina somo lake. Stanley aliandika Novemba 10. Shajara ya Livingstone inauweka ujio huo mwishoni mwa Oktoba. Hakuna haja ya kudhani kuna aliyedanganya: wote wawili waliugua safarini wakapoteza hesabu ya siku. Kwa hiyo mwaka na mahali viandike bila wasiwasi, lakini siku itaje pamoja na jina la aliyeitoa. Maneno ya salamu yao maarufu yanahitaji tahadhari zaidi, kwani katika shajara ya Stanley ukurasa wa tukio hilo umechanwa.

Kwa hiyo, ukiwa na wasifu mkononi, weka alama kwenye habari za aina tatu: za utotoni, za ukoo, na maneno yanayodaiwa kusemwa. Kwa kila moja uliza nani aliiandika kwanza, na lini. Kama jibu ni mhusika mwenyewe akiwa mzee, tafuta daftari la ubatizo, sensa au cheti cha kifo kabla hujainakili.