Barua Pepe ya Mapambo Inayompa Meneja Sababu ya Kukubali

Kila mwaka, wiki ya kwanza ya Oktoba, mabenki, kampuni za simu na ofisi nyingi zinazopokea wateja huadhimisha Wiki ya Huduma kwa Wateja. Kumbi hupambwa kwa maputo, vitambaa na mabango. Mara nyingi kazi huanza kwa mfanyakazi mmoja kumwandikia meneja kuomba fedha na ruhusa ya kukusanya watu wa kujitolea. Maombi mengi hukwama kwa sababu yanaomba "kiasi kidogo cha mapambo". Meneja hawezi kuidhinisha kiasi kidogo. Lazima ampe mhasibu tarakimu.

Tuchukue tawi moja la mfano jijini Dar es Salaam, lenye kaunta ya mita 6 na mlango mmoja wa wateja. Mwombaji apime kwanza, ndipo aandike. Kitambaa cha satini kikining'inizwa kwa mikunjo hula takriban mara mbili ya urefu wa kaunta, kwa hiyo zinahitajika mita 12. Kamba nene ya maputo ya kuzungusha sehemu ya mlango, yenye urefu wa mita 3, humaliza maputo kama 100. Akishapata vipimo, aulize bei katika maduka mawili ya Kariakoo, kisha aandike hivi:

"Yah: Ombi la Sh 220,000 kwa mapambo ya Wiki ya Huduma kwa Wateja, 6–10 Oktoba

Ndugu Meneja,

Habari za kazi. Naomba idhini yako ya kupamba ukumbi wa wateja. Mchanganuo ni huu:

Kitambaa cha satini, mita 12: 60,000
Maputo, paketi 2 za 100: 30,000
Bango la mlangoni: 30,000
Pampu za mkono 2: 20,000
Riboni: 12,000
Selotepu, uzi na ndoano za gundi: 18,000
Chakula na maji kwa watu 6: 30,000
Dharura, asilimia 10: 20,000

Wenzangu watano wamekubali kujitolea pamoja nami, Jumamosi tarehe 4 baada ya kufunga. Ununuzi wote utakuwa na risiti za EFD. Ili tuwahi kuchapisha bango, naomba jibu lako kufikia Ijumaa tarehe 12 Septemba. Fedha zikibana, tutaacha maputo, pampu na bango. Ombi litashuka hadi Sh 132,000.

Wako mtiifu."

Bei hizo ni za mfano, lakini kila mstari una kazi yake. Kiasi kimetajwa kwenye kichwa, kwa hiyo meneja anajua anachoombwa kabla hajafungua ujumbe. Paketi ya pili ya maputo si ya kujifurahisha. Maputo ya mpira yaliyojazwa upepo Jumamosi huanza kunywea katikati ya wiki, na yaliyo kwenye jua kali hupasuka mapema zaidi. Timu itabadilisha yaliyochoka Jumatano asubuhi kabla ya kufungua.

Kitambaa, pampu na bango vinagharimu Sh 110,000, nusu ya fedha zote, na vitatumika tena mwakani iwapo bango halitaandikwa mwaka. Inafaa mwombaji aongeze sentensi moja kulieleza hilo, maana linabadili ombi: nusu ya fedha inabaki stoo.

Sehemu inayoharibika kirahisi ni ya watu. Kuorodhesha majina ya wenzako bila kuwauliza huwaweka pabaya, kwani meneja akishaidhinisha, nani atathubutu kukataa? Tena Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida kuwa zisizozidi 45 kwa wiki, na saa za ziada hulipwa angalau mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Mtu akilazimishwa kubaki Jumamosi jioni, hapo hakuna kujitolea tena, na meneja anaweza kudaiwa malipo ambayo hayamo katika bajeti. Ndiyo maana neno "wamekubali" liwe la kweli, na chakula kiwekwe kwenye mchanganuo.

Kabla ya kutuma, mwombaji azunguke ukumbi tena. Kitambaa kisifunike mtungi wa kuzimia moto, maputo yasizibe kamera za ulinzi wala kugusa taa, na njia ya dharura ibaki wazi. Sentensi moja ya kuthibitisha hayo humwondolea meneja hofu ambayo huenda asingeitamka, ila ingemfanya achelewe kujibu.

Wiki ikiisha, mwombaji ajibu ujumbe uleule kwa kuambatisha risiti, chenji iliyorudishwa na orodha ya vilivyohifadhiwa stoo. Mwakani, atakayeomba ataanza na kitambaa, pampu na bango tayari, na ombi lake litakuwa dogo kwa kiasi hicho.