Mali Iliyo Mikononi mwa Wengine

Mwishoni mwa mwaka 1937, kampuni ya dawa ya McKesson & Robbins ya Marekani ilionyesha katika vitabu vyake mali ya dola milioni 87. Kati ya hizo, karibu milioni 19 hazikuwepo. Dawa ghafi za takriban dola milioni 10 zilidaiwa kuhifadhiwa kwenye maghala huko Kanada, kumbe zilikuwa makaratasi matupu. Mkuu wa kampuni, aliyejiita Donald Coster, kwa jina halisi alikuwa Philip Musica, tapeli wa siku nyingi, na ndugu zake walikuwa wakimsaidia kwa majina ya bandia.

Wakaguzi wa hesabu hawakwenda Kanada. Walipata barua za kuthibitisha kwamba mzigo upo, wakaridhika. Barua zenyewe zilitoka kwa matapeli walewale. Taratibu za wakati huo hazikuwalazimisha kwenda kuona bidhaa zikihesabiwa. Baada ya kashfa hiyo, taratibu zilibadilika.

Leo kiwango cha kimataifa cha ukaguzi namba 501 kinamtaka mkaguzi, pale bidhaa nyingi zinapokuwa kwa mtu mwingine, apate uthibitisho kutoka kwa mtu huyo, au akazikague, au afanye yote mawili. Inavyokuwa kazini ni kama hivi. Tuseme mfanyabiashara wa matairi wa Dar es Salaam anafunga hesabu Desemba 31. Usiku huo baadhi ya matairi yake yamo katika ghala la kukodi, mengine yako dukani Mwanza kwa mali kauli, na kontena moja liko baharini.

Kwa ghala, mkaguzi huandika barua na kuituma mwenyewe, kwa anwani aliyoihakikisha mwenyewe, na jibu humjia moja kwa moja. Barua ikipitia mezani kwa mteja, imeshapoteza thamani. Huuliza idadi na hali ya matairi, kisha swali ambalo wengi hulisahau: je, kuna benki iliyoyashika kama dhamana, au mwenye ghala anadai kodi ya miezi kadhaa?

Mali kauli ndiyo yenye mitego zaidi. Matairi 400 yalipelekwa Mwanza, na muuza duka anaandika kwamba mwisho wa mwaka yalibaki 310. Yaani yameuzwa 90. Mkaguzi haishii hapo. Anaomba ripoti ya mauzo ya Januari pamoja na stakabadhi zake. Anakuta matairi 60 yameripotiwa kuuzwa Januari, lakini stakabadhi zake ni za kati ya Desemba 22 na 30. Kwa hiyo yaliyobaki ni 250. Kama kila tairi lilinunuliwa kwa shilingi 250,000, bidhaa zimezidishwa kwa shilingi milioni 15, na mauzo ya Desemba yamesogezwa mwaka unaofuata. Si lazima mwenye matairi awe mwizi. Mara nyingi ni muuza duka anayechelewesha taarifa ili akae na fedha za watu wiki mbili zaidi.

Kosa la upande wa pili ni la mwenye mali: kuandika mauzo siku lori linapoondoka kwenda Mwanza, ilhali hakuna tairi hata moja lililopata mnunuzi.

Kontena la baharini lina matairi 600, yenye thamani ya shilingi milioni 150. Lilipakiwa Shanghai Desemba 19 kwa masharti ya FOB, na litafika katikati ya Januari. Kwa masharti hayo, hatari ya mzigo humhamia mnunuzi pale unapopakiwa melini, kwa hiyo kwa kawaida mzigo huu ni wa kuhesabiwa Desemba. Mtunza stoo hawezi kuhesabu asichokiona, na ankara huenda bado haijamfikia mhasibu. Wakiusahau wote wawili, faida haibadiliki, lakini mali na deni vyote vinapungua kwa milioni 150, na benki inayopima madeni ya mteja wake inadanganyika. Mhasibu akiingiza mzigo bila deni, faida inavimba kwa kiasi hichohicho. Mkaguzi husoma masharti ya mauzo na tarehe ya hati ya shehena, kisha Januari hufuatilia nyaraka za forodha aone kama kontena lilifika kweli.

Na mwenye ghala asipojibu? Mkaguzi huenda mwenyewe. Akihesabu Januari 12, huongeza yaliyotoka na kuondoa yaliyoingia tangu mwaka mpya, mpaka afikie idadi ya Desemba 31. Akizuiwa mlangoni, asipate ushahidi mwingine, na kiasi kikawa kikubwa, atatoa hati yenye shaka, au akatae kabisa kutoa maoni.