Mililita 7.2 za Mtoto wa Kilo Tisa

Kwenye mitihani ya uuguzi huja swali la namna hii: mtoto ana uzito wa kilo 9, ana nimonia, ameandikiwa amoksilini miligramu 80 kwa kila kilo kwa siku, igawanywe mara mbili. Dawa iliyopo ni ya maji, yenye miligramu 250 katika kila mililita 5. Apewe mililita ngapi kila mara?

Hesabu yenyewe ni fupi. Kilo 9 mara 80 ni miligramu 720, na hizo ni za siku nzima. Ukizigawa kwa mbili unapata 360, za asubuhi au za jioni. Sasa miligramu zigeuzwe kuwa mililita, maana mtoto anameza maji ya dawa: 360 gawanya kwa 250, kisha zidisha kwa 5. Jibu ni mililita 7.2.

Wengi huteleza kwenye maneno mawili, “kwa siku”. Anayeyaruka huacha kugawa kwa mbili, akapata mililita 14.4 kila mara, yaani maradufu ya kilichoandikwa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa nimonia ya watoto, huandika kiasi hichohicho kwa sura nyingine: miligramu 40 kwa kilo, mara mbili kwa siku. Hapo 40 imeshagawanywa, na ukiigawa tena mtoto atapata nusu tu. Ndiyo maana nasisitiza swali lisomwe hadi nukta ya mwisho kabla ya kushika kalamu.

Kosa jingine ni kusahau kuzidisha kwa 5, ukaishia na mililita 1.44.

Kosa hili la pili hujulikana bila kikokotoo. Mililita 5 zina miligramu 250, na 10 zina 500. Tunazotaka ni 360, kwa hiyo jibu lazima liwe kati ya mililita 5 na 10. Mwanafunzi aliyezoea kujiuliza hivyo kabla ya kukokotoa hawezi kuandika 1.44 akatulia. Wodini, 7.2 hupimwa kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kwani kijiko cha nyumbani hakina alama hiyo.

Ila hesabu nzima inaiamini lebo ya chupa. Amoksilini ya watoto hutengenezwa pia yenye miligramu 125 katika mililita 5, na chupa zake zaweza kufanana sana. Ukimimina mililita 7.2 kutoka chupa hiyo, mtoto anapata miligramu 180 badala ya 360. Kwa chupa ya 125, jibu sahihi ni ile 14.4 tuliyoikataa.